UZI: Tumelipwa kazi ya plasta 840,000, tuko mafundi watatu, mmoja aliondoka katikati. Tugawane vipi?

Kijana wa Mwiko

Wakuu habari za jioni. Nahitaji msaada wa hesabu yenye haki, maana sisi wenyewe tumeshindwa kuelewana na sitaki tugombane.

Tulichukua kazi ya plasta huku Chanika, nyumba ya vyumba vitatu na sebule, ndani na nje. Tulipima pamoja na mwenye nyumba zikatoka skwea mita 300. Tukapatana ufundi 1,020,000, vifaa vyote vyake. Tulikuwa na saidia fundi wawili wa 15,000 kwa siku, wamefanya siku sita, wamelipwa 180,000 na wameridhika. Imebaki 840,000 ya mafundi.

Mafundi ni watatu. Kuna Fundi Mkubwa, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi. Huyu nyumba kama ile akikamata peke yake anamaliza siku 12. Mimi peke yangu ningetumia siku 15. Wa tatu ni Dogo, ana mwaka mmoja tu kwenye mwiko, yeye angetumia siku 20. Makadirio haya wote watatu tunayakubali, tumeshafanya kazi pamoja sana.

Tulianza wote, lakini baada ya siku mbili kamili Dogo akapata msiba kwao Handeni, akaondoka. Mimi na Fundi Mkubwa tukaendelea siku nne, tukamaliza.

Dogo anasema kila mtu alipwe kwa siku alizofanya. Fundi Mkubwa anasema Dogo apewe 60,000 tu, yaani 30,000 kwa siku kama fundi wa kutwa, halafu yeye achukue zaidi yangu kwa sababu ana kasi. Mimi niko katikati. Naomba mnisaidie.

---

Mtetezi wa Wanyonge

Pole sana mdogo wangu. Msikubali kuonewa. Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ukafungue shauri, usisubiri kwa sababu kuna muda maalumu wa kufungua, ukipita wanakutaka ueleze kwa nini umechelewa. Mwajiri asiyelipa mshahara ana kesi ya kujibu.

---

Kijana wa Mwiko

Asante mkuu, ila mwenye nyumba ametulipa yote bila kusumbua. Tatizo ni sisi kwa sisi.

---

Babu wa Kiwalani

Gawaneni kwa siku, mbona rahisi. Wewe sita, mkubwa sita, dogo mbili, jumla siku 14. Gawa 840,000 kwa 14 unapata 60,000 kwa siku. Wewe 360,000, mkubwa 360,000, dogo 120,000. Kila mtu aliamka alfajiri, akapanda daladala, akachomwa na jua. Siku ya mtu ni siku.

---

Mtoto wa Namba

Babu heshima yako, lakini kwa hesabu hiyo Fundi Mkubwa amepata sawa na mwanafunzi wake wakati kapiga ukuta mwingi zaidi. Wamepewa idadi ya siku kila mmoja, 12, 15 na 20, kwa hiyo wagawane kwa uwiano huo. Jumla 47. Wa 12 achukue mafungu 12, wa 15 mafungu 15, wa 20 mafungu 20.

---

Chuma cha Pua

@Mtoto wa Namba piga mpaka mwisho uone. 840,000 gawa kwa 47 ni kama 17,870. Dogo mafungu 20 ni zaidi ya 357,000. Mwenye kasi ndogo kuliko wote, na kafanya siku mbili, ndiye kapata nyingi kuliko wote! Siku nyingi maana yake kasi ndogo, kwa hiyo lazima uzigeuze. Wa 12 kwa siku moja anafanya sehemu moja ya kumi na mbili ya nyumba, wa 15 sehemu moja ya kumi na tano, wa 20 moja ya ishirini. Tafuta namba inayogawanyika kwa zote, ni 60. Kwa hiyo kasi zao ni 5, 4 na 3. Jumla 12. Gawa 840,000 kwa 12 unapata 70,000. Fundi Mkubwa 350,000, wewe 280,000, Dogo 210,000. Kazi imeisha.

---

Kijana wa Mwiko

@Chuma cha Pua nimeelewa hiyo 5, 4, 3, na kweli ndiyo kasi yetu. Lakini Dogo 210,000 kwa siku mbili? Fundi Mkubwa nikimpelekea hii hatanisalimia tena.

---

Dada wa Saiti

Habari zenu. Mimi ni mkadiriaji majengo, nilianza kama karani wa saiti nikiandika mahudhurio ya mafundi, kwa hiyo ugomvi wa namna hii nimeuona mwingi.

Chuma cha Pua amefika nusu ya njia, na nusu hiyo ni sahihi kabisa. 5, 4 na 3 ingekuwa mgawo wa mwisho kama wote watatu wangeanza pamoja na kumaliza pamoja. Hapo siku zinakuwa sawa kwa wote, kinachowatofautisha ni kasi tu. Babu naye angekuwa sahihi kama wote wangekuwa na kasi moja, maana hapo kinachowatofautisha ni siku tu. Hapa vyote viwili vinatofautiana, kwa hiyo lazima vyote viwili viingie.

Chukua nyumba nzima uikate mafungu 60. Msiogope hiyo 60, si fedha wala siku, ni vipande vya kazi tu. Fundi Mkubwa anamaliza vipande 5 kwa siku, wewe 4, Dogo 3. Kwa nyumba yenu ya skwea mita 300, kipande kimoja ni skwea mita 5. Kwa hiyo mkubwa anapiga skwea mita 25 kwa siku, wewe 20, Dogo 15. Kwa fundi anayelishwa udongo na saidia fundi, hizo ni namba za kweli, si za kubuni.

Sasa fuata kazi ilivyokwenda. Siku mbili za kwanza mko watatu, mnapiga vipande 12 kwa siku, vinakuwa 24. Vimebaki 36. Dogo kaondoka, mmebaki wawili mnapiga 9 kwa siku. 36 kwa 9 ni siku nne. Umesema mlifanya siku nne, kwa hiyo makadirio yenu na kalenda vinakubaliana. Angalieni hili kabla ya kugusa fedha: vipande vya kila mtu vikijumlishwa lazima virudi 60. Visiporudi, kuna mtu kasi yake imekadiriwa vibaya, au kuna siku haikuwa siku kamili.

Fundi Mkubwa siku 6 mara 5, vipande 30. Wewe siku 6 mara 4, vipande 24. Dogo siku 2 mara 3, vipande 6. Jumla 60.

840,000 kwa 60 ni 14,000 kwa kipande. Fundi Mkubwa 420,000. Wewe 336,000. Dogo 84,000.

Dogo amepata zaidi ya ile 60,000 na pungufu ya 120,000. Kama mlichukua kazi kwa kupatana, yeye ni mshirika wa mapatano, hawezi kugeuzwa kuwa fundi wa kutwa baada ya kuondoka. Kazi ingewachukua siku kumi mngekula wote hasara, naye angekula yake.

---

Babu wa Kiwalani

Binti nimekusoma. Bado nasema siku ya mtu ina thamani yake hata kama mkono wake mzito. Huyo Dogo nauli yake ni ileile ya mkubwa.

---

Dada wa Saiti

Shikamoo Babu. Ndiyo maana saidia fundi wanalipwa kwa siku, na wanatolewa kwanza kabla ya mafundi kugawana. Anayetaka uhakika wa siku achukue kutwa, kazi ikichelewa haimhusu. Hawa watatu walikubali kubeba kazi kwa jumla yake, ndiyo maana wanagawana kwa kazi.

---

Nahodha wa Kilwa

Salaam. Mimi si fundi, mimi mtu wa bahari, lakini jambo hili tunalo kila siku tukirudi pwani, naomba nilisemee.

Kwenye chombo ninachotokea, tukiuza samaki kwanza tunatoa mafuta, barafu na chakula tulichokula baharini. Kinachobaki kinakatwa mafungu. Kuna fungu la chombo, kuna fungu la nyavu, haya ni ya mwenye mali hata kama hakutia mguu majini. Mengine ni ya wavuvi, na nahodha ana cha ziada. Lakini wavuvi wenyewe kwa wenyewe tunagawana sawa, mwenye nguvu na asiye na nguvu, kwa sababu wavu tunauvuta pamoja na hakuna anayeweza kusema samaki huyu kavutwa na nani.

Swali langu kwenu mafundi: mirunda ya jukwaa na mbao zilikuwa za nani? Huyo naye hana fungu?

---

Kijana wa Mwiko

Asante Nahodha. Mirunda ilikuwa ya mwenye nyumba, ilibaki kwenye lenta. Mwiko na bao kila mtu na wake.

Dada wa Saiti shikamoo, nimeielewa kabisa, nimeandika kwenye daftari na nimemsomea Fundi Mkubwa. 420,000 kaipenda. Ila kuna kitu sikusema mwanzo. Fedha hatuna yote mkononi. Fundi Mkubwa alishachukua advansi 100,000 siku ya kwanza kwa mwenye nyumba, ada ya mtoto. Dogo alipewa 40,000 ya nauli alipopata msiba. Mimi sijachukua. Kwa hiyo iliyopo ni 700,000. Fundi Mkubwa anasema tugawane hii 700,000 kwa 30, 24 na 6, za nyuma zimeshapita.

---

Chuma cha Pua

700,000 kwa 60 inakuwa 11,666 na kitu. Mkubwa 350,000, wewe 280,000, dogo 70,000. Inagawanyika vizuri.

---

Dada wa Saiti

Inagawanyika vizuri lakini inakuumiza wewe peke yako, Kijana wa Mwiko. Jumlisha kila mtu na alichokwisha kula. Fundi Mkubwa 350,000 na 100,000 inakuwa 450,000. Dogo 70,000 na 40,000 inakuwa 110,000. Wewe 280,000, basi. Yaani kwa sababu hukukopa umepoteza 56,000, wao wawili wamegawana.

Advansi ni mshahara uliotangulia. Hesabu inafanywa juu ya 840,000 nzima kana kwamba hakuna aliyechukua kitu, kila mtu anajua fungu lake, halafu ndipo unampunguzia alichochukua. Fundi Mkubwa 420,000 toa 100,000, apewe 320,000. Dogo 84,000 toa 40,000, apewe 44,000. Wewe 336,000 yote. Jumlisha: 700,000 kamili. Mkifanya hivi, kila mara fedha iliyopo mkononi inatosha bila kubaki wala kupungua, na hiyo ndiyo dalili kwamba hamjakosea.

Nimeona hili likivunja vikundi vya mafundi kuliko hata suala la kasi, kwa sababu halionekani. Mtu anaona fedha imegawanywa mbele ya macho yake kwa uwiano sahihi, anaondoka na kitu kidogo, na hajui imepotelea wapi.

---

Mama Wawili Ifakara

Samahani naingilia. Sisi tulikodiwa wanawake wanne kupalilia mpunga, tukapatana kwa ekari. Mmoja alikuwa anakuja saa tatu wenzake tuko shambani tangu saa kumi na mbili. Kwenye malipo akataka sawa. Tulimpa sawa kwa sababu ni mke wa shemeji yangu lakini roho inaniuma mpaka leo. Hii ya vipande ingefaa kwetu?

---

Dada wa Saiti

@Mama Wawili Ifakara inafaa, na kwenu ni rahisi zaidi. Kama mikono yenu ilikuwa haipishani sana, acheni kasi, hesabuni saa tu. Mkifanya tangu saa kumi na mbili hadi saa sita ni saa sita, yeye kuanzia saa tatu ni saa tatu. Kwa siku ya namna hiyo ninyi watatu mna mafungu mawili mawili na yeye moja, jumla saba. Lakini siku aliyowahi ahesabiwe kamili. Andikeni kila siku saa ya mtu kuingia, hata kwa mkaa kwenye mlango.

---

Mjengo wa Kitengela

Hamjambo ndugu zangu wa huko. Mimi ni fundi huku Kitengela, nje kidogo ya Nairobi. Nimesoma uzi wote, na huyo dada anajua kazi. Lakini nina swali: kwa nini mnakadiria kasi wakati ukuta uko hapo umesimama? Sisi huku kila fundi ana ukuta wake. Ukianza unaandika alama yako kwa chaki juu ya mlango, jioni mwenye daftari anapita na tepu. Mwisho wa kazi hakuna mambo ya siku 12 na siku 20. Ni mita zako mara bei.

Na kuna jambo lingine. Fundi anaweza kuwa na kasi kwa sababu saidia fundi wote wanampelekea yeye kwanza. Hapo walikuwa wawili kwa mafundi watatu. Nani alikuwa anangoja udongo? Ukimpima mtu aliyekuwa anangoja udongo utasema ni mzembe.

---

Dada wa Saiti

@Mjengo wa Kitengela uko sahihi, na nilipaswa kuanza kwa kuuliza hilo. Kasi mara siku ni njia ya kukisia kazi wakati kazi imechanganyika na huwezi kuitenganisha, kwa mfano watatu wanachimba shimo moja la choo. Plasta ina mipaka, chumba kina kona. Kama mnakumbuka nani kapiga ukuta gani, tepu inatangulia makadirio.

Kijana wa Mwiko, mnakumbuka?

---

Kijana wa Mwiko

Tunakumbuka karibu yote, maana tulikuwa tunagawana vyumba. Nyumba iko wazi bado, mafundi rangi hawajaingia. Kesho naenda na Fundi Mkubwa na futi. Milango na madirisha tutoe?

---

Dada wa Saiti

Fanyeni vilevile mlivyofanya mlipopatana na mwenye nyumba, la sivyo haitarudi 300. Wengi hawatoi dirisha dogo, kwa sababu kingo zake zinakula muda kuliko ukuta wenyewe. Muhimu ni kanuni moja kwa watu wote watatu. Na mkiwa hapo, gongeni ukuta kwa kifundo cha kidole. Mahali panapotoa sauti ya uwazi plasta haijashika, pengine tofali hazikuloweshwa maji kabla. Skwea mita za namna hiyo zisihesabiwe mpaka aliyezipiga azirudie, au atakayezirudia ndiye azihesabiwe.

---

Kijana wa Mwiko

Tumerudi. Tumepima mara mbili, Fundi Mkubwa akishika mwanzo wa futi mimi nikisoma, halafu tukabadilishana. Kugonga tumegonga, pako salama, isipokuwa kipande kidogo jikoni ambacho ni changu na nimekirudia leoleo.

Fundi Mkubwa 138. Mimi 126. Dogo 36. Jumla 300.

840,000 kwa 300 ni 2,800 kwa skwea mita, kwa hiyo Fundi Mkubwa anapata 386,400, mimi 352,800, Dogo 100,800.

Sasa Fundi Mkubwa amekasirika. Jana alikuwa na 420,000, leo ana 386,400. Hasemi nimeiba, tumepima pamoja. Anasema tepu haikuona kazi yake. Siku ya kwanza asubuhi yote alikuwa anavuta kamba na kushusha timazi nyumba nzima, anaweka zile alama za unene tunazozifuata wote. Saa hizo mimi na Dogo tulishaanza kupiga chumba cha kwanza alichomaliza kuweka alama. Na kingo za madirisha za mbele na nguzo za baraza ni zake zote. Dogo alipewa kuta za sebule na korido, zimenyooka, hazina kitu.

---

Mjengo wa Kitengela

Huyo mzee ana neno. Dogo 36 kwa siku mbili ni 18 kwa siku, na mlisema yeye ni wa 15. Si kwamba ameamka na mkono mpya, amepewa ukuta mwepesi.

---

Chuma cha Pua

Basi turudi kwenye 420,000. Makadirio yenu yalikuwa yameshahesabu kwamba yeye ndiye anayeweka kamba.

---

Dada wa Saiti

@Chuma cha Pua si lazima. Tukirudi kwenye makadirio kila tepu ikimuumiza mtu, hakuna sababu ya kupima. Nafikiri alichokisema Fundi Mkubwa ni mambo mawili tofauti, yasichanganywe.

La kwanza ni ile asubuhi ya kamba na timazi. Hiyo ni kazi ya wote, bila hizo alama kuta zenu wawili zingepinda. Haina skwea mita, kwa hiyo itolewe juu kabla ya mgawo, kama mlivyowatoa saidia fundi, na kama Nahodha anavyotoa mafuta. Ni nusu siku yake. Kwa kasi mliyokubaliana ya 25 kwa siku, nusu siku ni skwea mita 12 na nusu, mara 2,800 ni 35,000. Toa 35,000 kwenye 840,000, inabaki 805,000, igawe kwa 138, 126 na 36. Fundi Mkubwa anapata 370,300, akijumlisha 35,000 yake anafika 405,300. Wewe 338,100. Dogo 96,600. Inarudi 840,000 kamili.

La pili, ugumu wa kingo na nguzo, kwa kweli siwezi kuwapigia kutoka hapa. Saiti nyingine wanapatana mapema kwamba kingo zinapimwa kwa mita ya urefu na kuwekewa bei yake. Ninyi hamkupatana, na kupanga uzito baada ya kazi kwisha kila mtu atapanga unaompendelea.

---

Babu wa Kiwalani

Hiyo ya kutoa asubuhi yake juu naiunga mkono. Enzi zetu fundi mkuu alikuwa na fungu lake la ukuu na hakuna aliyeuliza.

---

Mtoto wa Namba

Lakini hiyo asubuhi si wenzake walikuwa wanapiga na mita zao zimehesabiwa? Akilipwa tena juu wao wanamlipa kwa jasho lao.

---

Mjengo wa Kitengela

@Mtoto wa Namba wanamlipa kwa sababu wametumia alama zake. Kama kila mmoja angejiwekea kamba mwenyewe, wote wangepoteza muda.

---

Mtoto wa Namba

Sawa kwa kamba. Kwa nguzo za baraza bado sijashawishika. Alizichagua mwenyewe.

---

Kijana wa Mwiko

Nimempigia Fundi Mkubwa nikamsomea ya 405,300. Amenyamaza, halafu akasema hiyo ya asubuhi inamtosha kwa upande wa kamba, lakini nguzo za baraza anataka tuzizungumze ana kwa ana.

Shida nyingine: Dogo nilishamtumia 60,800 jana usiku kwa simu, ile 100,800 nikatoa 40,000 yake. Kwa hesabu mpya amezidishiwa 4,200. Fundi Mkubwa anasema nimdai arudishe.

---

Mama Wawili Ifakara

Mtu yuko msibani jamani. Muacheni.

---

Dada wa Saiti

Kuacha mnaweza, ila semeni inatoka kwa nani. Iliyobaki mkononi ni 639,200. Fundi Mkubwa baada ya advansi anatakiwa apewe 305,300, wewe 338,100, jumla 643,400. Zimepungua zile 4,200. Aliyemlipa Dogo mapema ni wewe, lakini mlipima wote wawili na wote mlikubali 100,800 siku ile. Mimi ningezigawa katikati, 2,100 kila mmoja, na kama kuna kazi nyingine na Dogo mumweleze hesabu ilivyobadilika, aione kwenye daftari, msimkate kimyakimya.

---

Kijana wa Mwiko

Sawa. Mimi 336,000, yeye 303,200. Kesho jioni tunakutana naye hapa kwa muuza kahawa, hizo naenda nazo mkononi nimpe kabla hatujaanza kuongea habari ya nguzo.

Tuna kazi nyingine Jumatatu, ya uzio. Kona na nguzo zake ni nyingi kuliko ukuta. Mjengo wa Kitengela, huko kwenu kingo mnazipatania vipi kwa mita ya urefu? Naomba nijue kabla ya Jumatatu, nikae nao wote tukubaliane hatujachanganya hata ndoo moja ya udongo.